Mjadala wa Rasimu Nne: Rufaa ya Mwanafunzi Aliyetuhumiwa Kuiba Maandishi

Katika tuhuma ambazo mwanafunzi wa chuo kikuu aweza kutupiwa, ya wizi wa maandishi ni nyepesi kutamkwa na nzito kukanushwa, kwa kuwa mwenye kutuhumu huja na karatasi iliyotiwa rangi kila mahali, na mwenye kutuhumiwa aghalabu hana mkononi ila kiapo. Kisa kilichozua mjadala huu ni cha binti mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo ambacho hakuna haja ya kukitaja, aliyeandika insha ya Kiingereza juu ya Thenashara Taifa, yaani zile jamaa kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa, ambazo tatu kati yake, Wachangamwe, Wakilindini na Watangana, ndizo Thelatha Taifa, na tisa zilizobaki, Wamvita wakiwa mbele yao, ndizo Tisa Taifa. Tegemeo lake kubwa lilikuwa makala ya F. J. Berg juu ya jamii ya Waswahili wa Mombasa, iliyochapishwa mwaka 1968 katika jarida la historia ya Afrika. Insha ilipopitishwa katika programu ya kulinganisha maandishi ilirudi na mfanano wa asilimia 31. Kamati ya idara ikampa sifuri, ikamwandikia kwamba aya mbili za ukurasa wa 6 zimetolewa kwa Berg bila ya kumtaja, na ikampa siku 14 za kukata rufaa.

Waliokutana kulijadili jambo hilo, barazani Kibokoni, baada ya sala ya alasiri, walikuwa watano: binti mwenyewe, mjomba wake ambaye ni mfanyabiashara wa viungo katika Marikiti, mwalimu mstaafu aliyekaa miaka mingi katika kamati za mitihani, wakili ambaye ni mwanamke wa makamo na jirani yao, na mzee mmoja mshairi ambaye hakualikwa, lakini baraza ni la wote. Nimeyaandika maneno yao kwa mfuatano wake, nikiacha salamu, kahawa na yasiyohusu.

MJOMBA: Barua nimeshaitunga, Mwalimu, kilichobaki ni kuipeleka. Nimeeleza kwamba mtoto huyu ametoka katika nyumba ya watu wa dini, kwamba tangu kuzaliwa hajachukua cha mtu, kwamba mamake yu mgonjwa na karo tumeilipa kwa kukopa, na mwisho nimewaomba wamhurumie kama wanavyowahurumia wana wao. Mtu akiisoma hii asitokwe na chozi, basi huyo hana moyo.

MWALIMU: Nimeisoma mara mbili, ndugu yangu, na ni barua yenye adabu, lakini haijibu lolote. Wao wamesema, ukurasa wa 6, aya ya kwanza na ya pili. Wewe umewajibu kwa nasaba, maradhi na deni. Mjumbe wa kamati ya rufaa hupewa faili mbele yake, akatafuta humo sehemu moja tu, pale shitaka linapokutana na jibu. Asipoiona, huandika kwamba mkata rufaa hakuleta jambo jipya, akapokea faili la pili. Nami nimefanya hivyo kwa barua nyingi nzuri kuliko hii.

MJOMBA: Basi nimfuate mkubwa wao. Nina mtu anayemjua.

WAKILI: Usimfuate mtu, Kaka. Siku utakapoonekana mlangoni kwake, rufaa itakuwa imegeuka upendeleo, na hata wakimpa haki yake itasemwa kwamba aliinunua. Binti ana njia iliyo wazi. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 47, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa insafu na ofisi yoyote inayoamua juu yake, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoguswa. Na sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kukitia nguvu kifungu hicho inataka mtu apewe taarifa mapema, asikilizwe, na apewe ushahidi utakaotumiwa dhidi yake. Mwanangu, ripoti yenyewe umeiona?

MWANAFUNZI: Nimeona ukurasa wa kwanza tu, Bi Wakili, wenye namba 31.

WAKILI: Basi barua ya kwanza si ya rufaa. Ni mistari minne ya kuomba ripoti kamili, ukurasa kwa ukurasa, na nakala ya kanuni ya chuo iliyotumika. Ipeleke kesho, ugongewe muhuri wa kupokelewa. Na usiniulize habari za kwenda mahakamani, kwa maana sheria hiyohiyo inakutaka umalize kwanza ngazi za ndani za chuo chako.

MSHAIRI: Mimi sielewi hata shitaka lenyewe. Wamemkamata kwa kuyataja Mataifa? Majina hayo nimeyasikia kwa nyanya yangu kabla ya huyo Berg kuzaliwa! Leo mtoto wa Mombasa akisema Wakilindini na Watangana, aambiwe kataja mali ya Mzungu? Na mimi je, ambaye beti zangu zaimbwa harusini kila mwezi, na mwimbaji mmoja amezitia katika kanda bila ya kunitaja jina, nani aliyemkatia sifuri?

MWALIMU: Shekhe, la kanda yako ni shitaka jingine, na pengine lina haki. Lakini katika hilo la Mataifa umesema nusu ya kweli, na nusu hiyo yatufaa sana. Jina la Taifa, idadi ya Mataifa, na kwamba tatu ziko upande huu na tisa upande ule, ni habari wanayoijua watu wote wa mji, na hakuna mwandishi mwenye kuidai kuwa yake. Lakini programu haijui lipi la mji na lipi la mtu. Hutazama maneno yaliyofuatana, ikayafananisha na maneno yaliyofuatana kwingine, ikatia rangi. Basi majina kumi na mawili yakipangwa kwa mpango ule ule wa vitabuni hupakwa rangi, kama orodha ya marejeo inavyopakwa, na kama maneno yaliyonukuliwa kwa haki, ndani ya alama za kunukuu, yanavyopakwa. Hata wenye kuiuza programu hawadai kwamba inamtambua mwizi. Wao wasema inaonyesha mfanano, na hukumu ni ya msomaji.

Hapa mazungumzo yalikatika kwa siku mbili, kwani Mwalimu alikataa kusema zaidi kabla ya kuiona ripoti. Ilipokuja, aliiketia kwa kalamu, akaigawanya ile 31 mbele ya wote. Asilimia 9 ilikuwa orodha ya marejeo, ambayo yeyote aliyepata kuandika juu ya Mombasa huwa nayo karibu vilevile. Asilimia 8 ilikuwa majina ya Mataifa na nukuu zilizofungwa kwa alama zake na kutajwa ukurasa. Asilimia 5 ilikuwa vifungu vifupi vya maneno manne au matano, vilivyozagaa, ambavyo hakuna mwandishi wa lugha hiyo awezaye kuviepuka. Zikabaki 9, na zote zilikuwa katika ukurasa wa 6.

MJOMBA: Alhamdulillahi! Basi si 31, ni 9. Andika hivyo, na mambo yamekwisha.

MWALIMU: Hayajaanza. Mwanafunzi aweza kuwa na asilimia 40 asiwe na kosa, na mwengine akawa na 4, zote zikiwa aya moja iliyonyakuliwa nzima. Kuipunguza namba kutawaondolea wajumbe kile kitisho cha kwanza, na kwa hilo yastahili aya moja fupi ya barua. Lakini wao hawakushitaki namba, wameshitaki ukurasa wa 6. Tueleze, mwanangu, ilikuwaje huko.

MWANAFUNZI: Ukurasa ule una aya tatu, Mwalimu, na zote tatu zaeleza namna Berg anavyoona makundi yale mawili yalivyojengeka na kugawana mji. Jina lake na mwaka nimeviweka katika mabano mwisho wa aya ya tatu. Miaka miwili ya kwanza nilisoma historia, na mwalimu wetu alitufundisha kuandika tanbihi: ukimfuata mwandishi mmoja katika maelezo marefu, watia namba moja pale unapomaliza, na huko chini waeleza kwamba yote yaliyotangulia ni yake. Mwaka huu nilichukua somo la elimu ya jamii, na idara hiyo haitaki tanbihi, yataka mabano ndani ya matini. Nikazigeuza tanbihi zangu kuwa mabano, moja kwa moja, nikidhani mabano ya mwisho yanazifunika aya zote kama tanbihi ilivyokuwa ikizifunika.

MWALIMU: Na hapo ndipo ulipoanguka, nawe si wa kwanza. Kwa utaratibu wa mabano msomaji hupaswa kumjua mwenye maneno tangu sentensi ya kwanza ya maelezo yake. Na ukiingia aya mpya, wapaswa kumtaja tena. Mabano yanayokuja nyuma hushika kile kilicho karibu nayo, na kilicho mbali huhesabiwa kuwa chako. Basi mbele ya macho ya kamati, aya ya tatu ina mwenyewe, na mbili za kwanza umezivika jina lako.

MSHAIRI: Ngojeni. Hili sasa nalifahamu, kwa kuwa lina mfano katika kazi yangu. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipoutia takhmisa wimbo wa Liyongo, alichukua mishororo ya mwenziwe akaitangulizia mishororo mitatu yake katika kila ubeti. Hakuweka mabano wala tanbihi, na hapajatokea mtu wa kumwita mwizi. Kwa sababu kila mwenye kuijua takhmisa ajua pa kukata: mitatu ya mwanzo ya huyu, ile ya mwisho ya yule. Binti huyu naye alijua pa kukata. Wasomaji wake ndio waliokuwa wakikatia mahali pengine.

MWALIMU: Ahsante, Shekhe, maneno hayo yasingalinijia. Kosa lake ni la mpaka. Hakuficha kwamba kuna cha Berg, alikosea kuonyesha kilipoanzia. Na tofauti hiyo yaweza kuthibitishwa, ikiwa rasimu zipo.

Binti alikuwa nazo nne, na kwa kuwa moyo wa rufaa hii umo ndani yake, yafaa zielezwe moja moja. Ya kwanza ilikuwa daftari la kurasa mia, aliloandikia maktabani, ambamo kila habari iliyotoka kwa Berg ilikuwa na herufi B na namba ya ukurasa pembeni. Ya pili ilikuwa rasimu iliyopigwa chapa, aliyomtumia msimamizi wake kwa barua pepe tarehe 3 Machi, siku 18 kabla ya kuwasilisha insha. Ya tatu ilikuwa ile ambamo aligeuza tanbihi kuwa mabano, na ya nne ndiyo aliyoiwasilisha tarehe 21. Mwalimu aliisoma ya pili polepole, na alipofika ukurasa wa aya zile tatu aliirudisha karatasi kwa Wakili, kidole kikiwa juu ya tanbihi ya saba. Ilikuwa imeandikwa, kwa Kiingereza: aya hizi tatu zinafuata maelezo ya Berg, na kurasa zake zikatajwa.

WAKILI: Subhanallah. Na katika rasimu ya tatu?

MWALIMU: Katika ya tatu imebaki jina na mwaka. Maneno yaliyosema aya hizi tatu yamekwenda, kwa kuwa mabano hayachukui sentensi. Huu ndio ushahidi wa rufaa, na hauhitaji kiapo: hakuna mwizi amwandikiaye msimamizi wake, siku 18 mapema, kwamba kitu hiki si changu, kisha akakiiba. Lakini pia msidhani kwamba rasimu zote zina nguvu sawa. Tarehe iliyo ndani ya faili la kompyuta ni shahidi dhaifu. Ukilinakili faili katika diski nyengine, au ukalihifadhi kwa jina jipya, tarehe ya kuzaliwa kwake yaweza kugeuka, na mjumbe mmoja katika kamati hulijua hilo. Barua pepe ina nguvu zaidi, kwani tarehe yake imekaa pia katika sanduku la mtu mwengine asiyekuwa na sababu ya kukupendelea. Mwombe msimamizi aitoe nakala iliyoko kwake. Nalo daftari lina nguvu yake, kwa kuwa mkono wa mtu, wino uliobadilika na mistari iliyokatwa si rahisi kuvitunga kwa usiku mmoja.

MWANAFUNZI: Kuna jambo jengine, Mwalimu, ambalo laniogofya. Rasimu ya pili niliipigia chapa katika saiba moja huku mjini, kwa kuwa tarakilishi yangu iliharibika. Juzi nilipoitazama habari ya faili, mahali pa jina la mwandishi, pale palipoandikwa Author, nimekuta jina la mwenye saiba.

MJOMBA: Basi iache hiyo! Usiipeleke! Watasema uliandikiwa na mtu!

WAKILI: Wataliona wao wenyewe, Kaka, maana faili tunawapa sisi. Na kitu kidogo kinachogunduliwa na kamati hukua, na kilekile kikielezwa mapema na mkata rufaa hubaki kidogo. Kompyuta huandika jina la aliyeiandikisha programu, si jina la aliyekaa kitini. Sentensi mbili zinatosha katika barua, pamoja na stakabadhi ya saiba ikiwa unayo, au maneno ya mwenyewe yaliyotiwa saini. Faili lenyewe usilifungue tena na kulihifadhi. Fanya nakala, na asili iache kama ilivyo.

Mpaka hapo wote walikuwa wa shauri moja, na lau mambo yangaliishia hapo pasingekuwa na mjadala wa kuandikwa. Lakini Mwalimu, ambaye alikuwa ameikalia ripoti na makala ya Berg kwa pamoja, alizionyesha sentensi mbili katika aya ya pili. Katika moja binti alikuwa amebadilisha maneno matatu tu ya Berg, na nyengine alikuwa ameigeuza mwanzo ukawa mwisho. Mjengo wa sentensi ulikuwa wa Berg mtupu, wala hapakuwa na alama za kunukuu. Daftari lilipofunguliwa, sentensi hizo zilionekana humo zimenakiliwa neno kwa neno, zikiwa na herufi B na ukurasa pembeni, lakini hazikufungwa alama. Na baadaye, alipokuwa akiandika, aliziona kuwa ni muhtasari wake mwenyewe, akazipunguza na kuzipamba kidogo, akaendelea.

MWALIMU: Hili si kosa la mabano. Hata jina la Berg lingekaa mwanzoni mwa kila aya, sentensi hizi mbili zingalihitaji alama za kunukuu, au zivunjwe kabisa na kuandikwa upya. Kumtaja mtu hulipa deni la fikra yake, hakulipi deni la maneno yake. Nashauri barua iliseme wazi.

WAKILI: Nami napinga. Shitaka lasema aya mbili zimetolewa bila ya kumtaja Berg. Halisemi chochote juu ya kukaribiana kwa maneno. Mwenye kujibu shitaka hulijibu hilo aliloshitakiwa, hamwongezei mshitaki la pili. Kama wangetaka kusema hivyo, wangesema.

MJOMBA: Bi Wakili amenena. Mtu hajichongei.

MWALIMU: Ingekuwa mahakama ningenyamaza. Lakini tazama tunachowapelekea: tunawapelekea daftari, tukijisifu kwamba ndilo shahidi wetu. Mjumbe akilifungua aone sentensi ileile, neno kwa neno, na akailinganisha na insha, daftari letu litakuwa limegeuka shahidi wake. Rasimu haichagui upande. Aliyeipeleka akidhani itamtetea kwa yote, huenda akawa ameipeleka hukumu yake mwenyewe ndani ya bahasha.

WAKILI: Basi usipeleke daftari zima. Peleka barua pepe na tanbihi ya saba, nayo yatosha.

MWALIMU: Wakiuliza maelezo yalitoka wapi kabla ya tarehe 3 Machi?

WAKILI: Wakiuliza, tutajibu.

MSHAIRI: Lakini kwani yawezekana mtu kunakili na asijue? Mimi ubeti wangu naujua hata ukiimbwa ng'ambo ya kivuko, Likoni.

WAKILI: Yawezekana, Mzee, na imewapata wakubwa. Alex Haley, mwandishi wa kile kitabu cha asili ya watu weusi wa Marekani kilichovuma duniani kote, alishitakiwa na Harold Courlander kwamba ndani yake mna vifungu vya riwaya yake ya mwaka 1967. Na shauri likamalizwa mwaka 1978 kwa mapatano ya dola 650,000. Udhuru wa Haley ulikuwa kwamba maneno yale yalimfikia katika madaftari na vipande vya karatasi visivyoandikwa vilikotoka. Labda alisema kweli. Lakini alilipa.

MWALIMU: Umenisaidia hoja, Bi Wakili. Udhuru wa madaftari huondoa nia mbaya, hauondoi deni.

MWANAFUNZI: Naomba nami niseme, kwa kuwa jina litakaloandikwa chini ya barua ni langu. Kama nitapeleka barua pepe peke yake na nikashinda, nitakuwa nimeshinda kwa kile ambacho hawakukiuliza. Lakini naogopa pia, maana Bi Wakili hasemi uongo: huenda wakaichukua kauli yangu wakanifunga nayo. Nitapeleka daftari, na nitazitaja sentensi mbili kabla hawajazitaja. Ila nataka zikae peke yake, zisichanganywe na lile la mabano, wasije wakasema nimekiri yote.

Wakili hakuridhika, na hakuficha kutoridhika kwake. Aliendelea kuona kwamba mwanafunzi asiyekuwa na mtetezi ndani ya kamati hapaswi kuwapa wajumbe silaha. Lakini alikubali kuisaidia barua, na yeye ndiye aliyesisitiza iombe jambo lenye mpaka. Mjomba alitaka iombe kufutiwa kila kitu. Wakili akasema kwamba kamati ikiombwa yote au hapana, wakati yenyewe inaona kosa dogo lipo, huona salama zaidi kusema hapana. Bali ikipewa njia ya kati yenye haki, huweza kuipita bila ya kuiaibisha idara. Barua iliyokubaliwa, baada ya aya fupi ya kuigawanya ile 31, iliendelea hivi:

"Kuhusu aya ya kwanza na ya pili za ukurasa wa 6, nakiri kwamba mwandishi hakutajwa mahali alipopaswa kutajwa kwa kanuni za idara hii. Nakanusha kwamba niliyafanya maelezo hayo kuwa yangu. Katika rasimu niliyomtumia msimamizi tarehe 3 Machi (Kiambatisho B, tanbihi ya 7), nilieleza kwamba aya zote tatu zinamfuata Berg, nikataja kurasa. Maneno hayo yalipotea nilipozigeuza tanbihi kuwa mabano, kama inavyoonekana katika Kiambatisho C. Jina linaloonekana katika habari ya faili la Kiambatisho B ni la mwenye saiba nilikopigia chapa, naye amethibitisha hivyo kwa saini yake katika Kiambatisho E.

"Kando ya hayo, nimeona mwenyewe sentensi mbili katika aya ya pili ambazo maneno yake yamekaribiana mno na ya Berg. Asili yake imo katika daftari langu (Kiambatisho A), ambako nilizinakili nikataja ukurasa, lakini sikuzifunga kwa alama za kunukuu. Hili ni kosa la uandishi wangu na silitafutii udhuru.

"Naiomba kamati, kwa hiyo, iondoe hukumu ya wizi wa maandishi, iniruhusu kuurekebisha ukurasa wa 6, na isahihishe insha kwa kupunguza alama zinazostahili kwa makosa ya marejeo."

Ukiipima barua hiyo na ile ya Mjomba, utaona kwamba haina chozi hata moja, wala haimtukani mtu, wala haiilaumu idara kwa kutofundisha, jambo ambalo pengine lingaliweza kusemwa kwa haki. Kila dai lake lina kiambatisho, na kila kiambatisho kimetajwa kwa ukurasa au namba ya tanbihi, ili mjumbe aliyechoka asilazimike kutafuta. Kwa maana rundo la rasimu lililofungwa kwa uzi na kupelekwa pamoja na maneno ya someni mtaona, aghalabu halisomwi. Neno la Mjomba halikupotea lote: maradhi ya mama yalitajwa, kwa mstari mmoja, mahali pa kueleza kwa nini rasimu ya tatu iligeuzwa kwa haraka, na huko lilikuwa na kazi.

Kati ya Mwalimu na Wakili, sisi twaelekea kwa Mwalimu, ingawa si kwa sababu ya uadilifu peke yake. Rasimu hueleza njia aliyopita mwandishi, na njia hiyo ikiwa na shimo, shimo nalo huelezwa. Anayezitoa rasimu zake hana budi kuzisoma kwanza kwa jicho la adui, na kulitaja yeye mwenyewe lile ambalo adui angalilitaja. Lakini hatusemi kwamba Wakili amekosea. Zipo kamati zisizotofautisha kukiri kosa la alama na kukiri wizi, na mwanafunzi aliye mbele ya kamati ya namna hiyo angefanya vyema kulishika shauri lake. Kamati ya binti huyu ni ya namna gani, hilo halijajulikana hadi tunapoandika. Barua imepokelewa kwa muhuri siku ya kumi na mbili, ikiwa na viambatisho vitano.

Nawe msomaji uliye chuoni, usingoje tuhuma ndipo uanze kutafuta ushahidi. Ukinakili maneno ya mtu katika daftari lako, yafunge kwa alama za kunukuu papo hapo, hata kama daftari hilo hataliona mtu. Ukihama idara, uliza kanuni ya marejeo kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Na kila rasimu yenye hatua mpya, itume kwa msimamizi wako kwa barua pepe, asome asisome, kwa kuwa tarehe iliyoko kwa mwengine ndiyo itakayosadikiwa siku utakapoulizwa.